Dola 200 kwenye kadi ya Marekani imekuwaje 150.80 bila kununua kitu

*"Wakuu, nikiwa Marekani nilinunua kadi ya malipo ya kabla pale supamaketi, nikaiwekea dola 200. Nimerudi Dar nayo, haijanunua hata pipi. Nilikuwa naangalia salio tu kwenye ATM. Juzi nakuta 150.80. Nimedukuliwa au benki ndiyo inakula? Picha ya historia hiyo hapo."*

Mkuu, hujadukuliwa. Nimekaa Ohio miaka kadhaa nikiwa keshia wa duka la dawa, na kadi hizi zilikuwa zinaning'inia kwenye stendi pembeni ya kaunta yangu, kwa hiyo kesi kama yako nimeisikia mara nyingi kwa watu waliorudi na pakiti mkononi wamefura. Kwenye picha yako kuna aina mbili tu za mistari inayojirudia:

```
Monthly Fee            -7.95
ATM Balance Inquiry    -0.50
```

Wa kwanza umetokea mara sita, tarehe ileile kila mwezi. Hiyo ni 47.70. Wa pili umetokea mara tatu, na kila mmoja ni siku uliyokwenda kuangalia salio: 1.50. Jumla 49.20. Toa kwenye 200 unabaki na 150.80 kamili, hakuna hata senti iliyopotelea pembeni. Mwizi hachukui kiasi kilekile, tarehe ileile, halafu akaacha 150 nyuma yake. Ukiona jina la duka usilolijua au kiasi kisicho na mpangilio, hapo ndipo uwe na wasiwasi na upige simu mapema.

Sasa kuhusu ushauri ambao wengine wanautoa, kwamba "nunua kitu kidogo iamke" ili makato yakome. Ushauri huo ni sahihi kwa kadi nyingine, siyo kwa yako, na hapa ndipo wengi wanapochanganya.

Kwenye stendi ile kulikuwa na kadi za aina mbili zinazofanana kama mapacha, zote zina nembo ya Visa au Mastercard. Moja imeandikwa "Gift Card", ya zawadi: unaijaza mara moja, ikiisha unaitupa. Nyingine imeandikwa "Reloadable", unaijaza upya kila ukitaka. Ya zawadi inalindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 2009: haruhusiwi mtu kuikata ada ya kukaa bure mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila kutumika, na baada ya hapo ni kato moja tu kwa mwezi. Pesa iliyomo nayo haiwezi kuisha muda kabla ya miaka 5. Ukinunua hata soda, ile miezi 12 inaanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo kadi ya zawadi ya dola 50 yenye ada ya 2.95 iliyosahaulika droo, mwaka wa kwanza haiguswi. Ikifika mwisho wa mwezi wa 18 imeshakatwa mara sita, imebaki na 32.30. Kuangalia salio hakuhesabiki kama matumizi, na kato lenyewe halihesabiki pia. Lazima pesa iingie au itoke kwa kitendo chako.

Yako ni ya kujazwa upya, na kadi hiyo haimo kwenye kinga ile ilimradi haikuuzwa kama zawadi. Sheria inaichukulia kama akaunti ndogo. Kampuni inaweza kukukata ada ya mwezi tangu mwanzo, uitumie usiitumie. Ukinunua soda kesho, tarehe ya kato ikifika 7.95 itaondoka vilevile, na soda yako juu yake. Kuna kadi nyingine za aina hii ambazo hazina ada ya mwezi ila zina ada ya kutotumika, inayoanza baada ya siku 90 au zaidi kutegemea kampuni. Hizo ndizo zinazoamshwa kwa soda.

Utajuaje ni ipi? Pakiti. Tangu Aprili 2019 kadi hizi zinatakiwa kuwa na kijedwali cha ada unachoweza kukisoma kabla ya kulipa. Juu kabisa kuna namba nne kwa maandishi makubwa: ada ya mwezi, ya kila manunuzi, ya kutoa pesa ATM, na ya kuongeza pesa taslimu. Chini yake ndipo kuna kuangalia salio ATM, kupiga simu huduma kwa wateja, na "Inactivity", pamoja na muda ambao kadi ikikaa bure ada hiyo inaanza. Kama ulitupa pakiti, jedwali hilohilo lipo kwenye tovuti iliyoandikwa nyuma ya kadi. Kinyota kando ya namba kina maana kwamba unaweza kulipa pungufu kwa masharti fulani, na sharti la kawaida ni mshahara wako uingie moja kwa moja kwenye kadi kila mwezi. Wewe uliyepo Dar sharti hilo halikuhusu.

Kwa nini wanafanya hivi? Kadi ikichanjwa dukani, mwenye duka analipa asilimia ndogo, na sehemu yake inamfikia mtoa kadi. Kadi ya mtu anayepokelea mshahara inachanjwa kila siku, inajilipia, ndiyo maana anasamehewa ada. Yako imelala. Hailetei kampuni chochote, huku kampuni inalipia mitambo, laini ya simu na benki inayotunza pesa. Basi wanajilipa kutoka kwenye salio lako. Kwangu mimi 7.95 kwa mwezi kwenye kadi ya dola 200 ni ukatili, ila siyo wizi, ulikubali ulipoiwasha.

Cha kufanya ni kuimaliza kabla ya tarehe ya kato lijalo. Angalia tarehe hiyo kwenye historia, na kuanzia leo angalia salio mtandaoni au kwenye app, siyo ATM. Kwanza jaribu kulipia kitu cha Marekani mtandaoni, kwa mfano ada ya maombi ya chuo, ukiweka anwani ileile uliyosajilia kadi. Anwani isipolingana malipo yanaweza kukataliwa hata kama pesa ipo. Kama una ndugu mwenye akaunti kule, ona kama app yako inaruhusu kuhamishia benki. Kutoa ATM hapa Dar kuweke mwisho, maana utapigwa ada ya kutoa, ya fedha za kigeni, na pengine ya mashine yenyewe, na baadhi ya kadi hizi hazifanyi kazi kabisa nje ya Marekani. Ukiamua kutoa, toa mara moja, usitoe vipande vipande.

Njia nyingine ni kupiga simu ukaomba wafunge kadi na kukutumia salio kwa hundi. Uliza kwanza hundi inatozwa kiasi gani na wataituma wapi. Hundi ya dola ikifika Dar utahangaika nayo benki, bora iende kwa mtu aliyeko kule, kama wanakubali.

Ikibaki na senti chache usiiache hivyo. Omba waifunge rasmi na uandike namba ya kumbukumbu watakayokupa. Nimeona kadi ambazo makato yaliziingiza kwenye hasi, mwenye nayo akija kuiwekea dola 40 mwaka unaofuata anakuta 25, anakuja kunigombeza mimi wa kaunta.