Zipu iko katikati kabisa, mbona jaketi linaonekana limebandikwa?

*Nimemvalisha mteja jaketi la picha nyingine kwa Photoshop. Zipu inashuka katikati, imenyooka, hata nimepima. Lakini kila anayeiona anasema jaketi limebandikwa. Nimekosea wapi?*

Umepima katikati ya umbo linaloonekana, ilhali zipu hufuata katikati ya mwili. Mistari hiyo miwili hukutana pale tu mtu anapoikabili kamera moja kwa moja. Akigeuka kidogo, nusu ya kifua iliyo mbali huonekana nyembamba, na zipu husogea upande huo.

Tafuta kishimo kilicho chini ya koo, kati ya mitulinga, kisha bizimu ya mkanda. Tuseme kifua kina upana wa pikseli 800 na umeiweka zipu kwenye 400. Kama kishimo kiko pikseli 290 kutoka ukingo wa mbali, juu zipu ianzie hapo. Bizimu ikiwa upande tofauti kidogo, maana yake kiuno hakikugeuka sawa na mabega, na zipu itapinda taratibu kati ya alama hizo mbili. Ikipita juu ya tumbo lililojitokeza, husogea zaidi upande wa mbali, kisha hurudi. Rula haitakusaidia hapo.

Kabla ya kukunja chochote, kata kishikio cha zipu ukiweke kwenye leya yake. Kisha geuza leya ya jaketi kwa Convert to Smart Object, ili uweze kurudi nyuma. Nenda Edit > Transform > Split Warp Vertically, bofya juu ya zipu, na usogeze alama za mstari huo mpaka upite ulikotaka. Upande wa mbali utabanwa na wa karibu utapanuka. Kuza picha uangalie meno: yakiwa mapana sehemu moja na membamba nyingine bila sababu, umevuta mno.

Kishikio nacho usikilaze sambamba na zipu. Mtu akiwa amesimama, huning'inia wima kwa uzito wake hata zipu ikiwa imeinama, isipokuwa kikiegemea tumbo au mkunjo wa kitambaa. Kosa hili ni dogo lakini macho hulinasa haraka. Hakikisha pia meno yamefungana chini ya kichwa cha zipu na kuachana juu yake. Kwenye picha zilizounganishwa vipande viwili, mara nyingi huwa kinyume.

Kwa jaketi la safu moja ya vifungo, kinachokaa kwenye mstari wa mwili ni safu hiyo, si ukingo wa kitambaa. Ukingo hupita pembeni yake, kwa umbali unaozidi nusu ya upana wa kifungo. Na kama uliipindua picha ya jaketi kushoto-kulia, angalia upande ulio juu: kwenye nguo za kiume kwa kawaida upande wa kushoto wa mvaaji hulalia wa kulia.