Bajeti ya shiti 12 kuibana iwe karatasi moja ya kuprinti

Wanaoomba "nipe muhtasari wa bajeti kwenye ukurasa mmoja" ndio hao hao ambao faili lao la Excel lina shiti ya kila mwezi, Jan mpaka Des, na kila shiti kuna mtu kaishika kivyake. Nimeshatengeneza za namna hii nyingi tu, na kazi ya kuprinti yenyewe ni ndogo sana. Kinachosumbua ni kuhakikisha namba iliyofika kwenye ile karatasi ndiyo namba iliyoko kwenye shiti, kwa hiyo hapo ndo ntakaa zaidi.

Tuchukue mfano. Kila shiti ya mwezi, kolamu A ina jina la fungu, B ni bajeti, C ni matumizi. Mafungu ni 8: Mishahara, Kodi ya ofisi, Usafiri, Umeme na maji, Intaneti na simu, Vifaa vya ofisi, Matengenezo, Mafunzo. Yanaanza mstari wa 5 yanaishia wa 12, halafu mstari wa 13 kolamu A imeandikwa Jumla.

Wengi wanaojua Excel kidogo wanakimbilia fomula hii ambayo kweli ni fupi na tamu:

```
=SUM(Jan:Des!C7)
```

Inajumlisha seli C7 ya shiti zote zilizo kati ya Jan na Des. Shida yake haisomi jina la fungu, inasoma mahali tu. Sasa mwezi wa tano mtu kaona kuna makato ya benki hayana pa kukaa, akaingiza mstari mpya juu ya Usafiri akaandika Ada za benki. Kuanzia hapo kwenye Mei kila kitu kimeshuka hatua moja. Fomula yako ya Usafiri inabeba ada za benki za Mei, ya Umeme na maji inabeba usafiri wa Mei, unaendelea hivyo mpaka Mafunzo ya Mei yanapotea kabisa. Na hakuna alama yoyote ya kosa, namba zinakaa zimependeza tu. Pia ukiiburuta shiti mojawapo ukaitoa nje ya Jan na Des, inatoka kwenye jumla kimya kimya. Wa Google Sheets nyie hata hamuipati hii fomula, haipo, kwa hiyo hamjakosa kitu.

Mi natafuta kwa jina. Natengeneza shiti mbili za pembeni ambazo haziprintiwi, moja naiita H_Bajeti nyingine H_Matumizi. Mstari wa kwanza kuanzia B1 mpaka M1 naandika majina ya miezi, kolamu A kuanzia A2 majina ya mafungu, halafu B2 ya H_Matumizi naweka hii:

```
=SUMIF(INDIRECT("'"&B$1&"'!$A:$A"),$A2,INDIRECT("'"&B$1&"'!$C:$C"))
```

Yani: nenda kwenye shiti yenye jina lililoandikwa B1, tafuta kolamu A palipoandikwa jina hili la fungu, nijumlishie kilichoko kolamu C. Unaiburuta kulia miezi yote na chini mafungu yote, basi. Kwenye H_Bajeti ni hiyo hiyo ila $C:$C inakuwa $B:$B. Kama kompyuta yako inagoma kuipokea, jaribu kubadilisha mikato iwe nukta mkato, inategemea mipangilio ya lugha na nchi kwenye mashine.

Hapa kuna mtego unaowapata sana wanaoandika miezi kwa Kiswahili. Ukiandika Jan ukaburuta, Excel inakujazia kwa Kiingereza: Feb, Mar, Apr, May. Shiti yako inaitwa Mei. Matokeo yake kolamu ya Mei nzima inakuwa #REF!, vivyo hivyo Mac, Ago, Okt na Des. Andika kwa mkono yafanane herufi kwa herufi na majina ya shiti. Na usiandike "Jan 2025" kwenye kichwa ukidhani itabaki maneno, Excel inaigeuza tarehe na INDIRECT haiwezi kuipata tena hiyo shiti.

#REF! angalau inaonekana. Sumu ni sifuri. SUMIF isipolikuta jina haikulalamikii, inakupa 0, na 0 kwenye bajeti ni kitu cha kawaida kwahiyo unapita tu. Mtu kaandika "Usafiri " na nafasi mwishoni, kwa macho hauioni, kwa SUMIF ni neno lingine. Ukihisi hivyo andika =LEN(A7) kwenye seli tupu ya shiti hiyo, Usafiri ina herufi 7, ikikuletea 8 basi nafasi ipo, ifute.

Ndo maana chini ya mafungu naweka mistari mitatu ya kukagua na huwa siiruki hata kama mtu ana haraka. Mstari wa 10 unajumlisha mafungu yaliyokusanywa, =SUM(B2:B9). Mstari wa 11 unaleta jumla iliyoandikwa kwenye shiti yenyewe ya mwezi:

```
=SUMIF(INDIRECT("'"&B$1&"'!$A:$A"),"Jumla",INDIRECT("'"&B$1&"'!$C:$C"))
```

Mstari wa 12 ni tofauti, =ROUND(B11-B10,2), na lazima iwe 0 miezi yote. Kwenye mfano wetu miezi 11 inakuja 0, Mei inakuja 45,000: shiti inasema 2,360,000 sisi tumekusanya 2,315,000. Unafungua Mei unatafuta 45,000, unakuta ni zile ada za benki ambazo hazimo kwenye orodha yetu. Unaingiza mstari wa Ada za benki katikati ya orodha kwenye zile shiti mbili za H, si chini kabisa, ili ile SUM ijipanue yenyewe, unaburuta fomula, tofauti inarudi 0. Miezi mingine itasoma 0 kwenye fungu hilo na ni sawa.

Kuna kitu kimoja ukaguzi huu hauwezi kukikamata: namba iliyoingia kama maneno, mara nyingi kwa sababu ilikopiwa kutoka sehemu nyingine. SUM ya kwenye shiti inairuka, SUMIF yetu nayo inairuka, kwa hiyo tofauti ni 0 na wote mmekosea pamoja. Dalili yake ni namba iliyosimama kushoto wa seli wakati wenzake wako kulia, au kile kipembe cha kijani. Nenda kila shiti weka =COUNTA(C5:C12)-COUNT(C5:C12), kwenye Mei range yako iende mpaka C13. Ikija zaidi ya 0, chagua hiyo kolamu, nenda Data, Text to Columns, bonyeza Finish moja kwa moja, kwa kawaida zinageuka namba. Zilizoandikwa na nafasi katikati kama 45 000 zinaweza kugoma, hizo toa nafasi kwanza.

Sasa ukurasa wenyewe. Shiti mpya, Muhtasari, na kabla sijaandika chochote naenda Page Layout naweka Size A4 na Orientation Portrait, halafu View, Page Layout, ili nijenge nikiwa naiona karatasi. Ukijenga kwanza ndo uje ubane, utabana mpaka maandishi yawe ya kusomwa kwa miwani. Usiweke miezi 12 hapa. Najua bosi anaipenda miezi, ila miezi 12 mara bajeti na matumizi ni kolamu 24, hazikai kwenye A4 zikasomeka. Kolamu tano zinatosha: Fungu, Bajeti, Matumizi, Tofauti, Asilimia.

A5 naandika =H_Matumizi!A2, ili jina litoke kule kule, B5 ni =SUM(H_Bajeti!B2:M2), C5 ni =SUM(H_Matumizi!B2:M2), D5 ni =B5-C5, na E5 ni =IF(B5=0,"",C5/B5). Mafungu 9 yanafika mstari wa 13, wa 14 ni Jumla. Asilimia ya Jumla ni C14 gawanya kwa B14, usiburute SUM huko wala usitafute wastani, maana ukijumlisha asilimia utaambiwa ofisi imetumia asilimia mia nane na kitu.

Kwenye chati wengi wanaweka bajeti na matumizi ubavu kwa ubavu, ila Mishahara ikishaingia inameza kila kitu, Intaneti na simu inakuwa kijistari. Kiasi tayari kiko kwenye jedwali hapo juu, chati iseme kitu kingine. Mi nachora asilimia: chagua A4:A13, shika Ctrl, chagua E4:E13, halafu Insert na uchukue Clustered Bar, zile za kulala. Za kulala kwa sababu majina marefu yanasomeka bila kupinda shingo. Mstari wa Jumla usiuguse. Excel itapanga mafungu kichwa chini miguu juu, bonyeza mhimili wa majina, Format Axis, weka tiki Categories in reverse order. Kwenye mhimili wa asilimia Minimum iwe 0 na Major unit 0.5, mistari itaangukia 50%, 100%, 150%, na aliyevuka bajeti anaonekana hapo hapo. Ada za benki haina bajeti kwa hiyo haitakuwa na pau, iache, jedwali linaeleza. Na kwa kuwa rangi ni moja tu, printa ya nyeusi na nyeupe haikuharibii. Ukiiburuta chati shika Alt, inajishika kwenye kingo za seli na inakaa sawa na upana wa jedwali.

Mwisho chagua kuanzia kichwa mpaka chini ya chati, Page Layout, Print Area, Set Print Area, halafu Width 1 page na Height 1 page. Hiyo inapunguza tu, haikuzi, kwa hiyo kama muhtasari wako ni mdogo utabaki juu ya karatasi na nafasi tupu chini, ongeza urefu wa mistari na chati mwenyewe. Angalia kwa Ctrl+P kabla ya kutoa: ukiona #### kolamu ni nyembamba, panua, hata kama kwenye skrini ilikuwa inaonekana vizuri. Na kama kwenye onyesho imetokea chati peke yake imejaa ukurasa mzima, jedwali halipo, usianze kuhangaika na Print Area, ni kwamba chati ilikuwa imechaguliwa. Rudi, bonyeza seli yoyote tupu, Ctrl+P tena.