Kabla hujapandisha video: aliyekusainia ana mamlaka?

Prodyuza wengi ninaofanya nao kazi Dar es Salaam siku hizi wana fomu za ridhaa. Wameziandaa, wameweka nembo yao juu, na wanatembea nazo kwenye begi la kamera. Kinachowaponza ni sahihi iliyo chini ya fomu, maana mara nyingi ni ya mtu asiye na mamlaka ya kutoa hicho alichokitoa. Video inashushwa YouTube na karatasi ipo.

Chukua kazi ya kawaida kabisa: video ya dakika 8 kuhusu fundi cherehani aliyepanga chumba kwenye jengo la ghorofa Kariakoo. Umemhoji fundi na vijana wake wawili, umempiga picha mteja aliyekuja na mtoto kupimwa sare ya shule, umepanda juu ya paa kuchukua picha ya mtaa, na mwishoni umeweka wimbo wa rafiki yako msanii.

Tuanze na mahali. Fundi ni mpangaji. Anaweza kukuruhusu uingie chumbani kwake, lakini ngazi, korido na lile paa ni vya mwenye jengo, kwa hiyo unahitaji sahihi mbili. Ukimkosa mwenye jengo, msimamizi anaweza kusaini, ila mwombe kwanza akuonyeshe barua au hata ujumbe unaothibitisha kuwa amepewa kazi hiyo. Fomu iseme tarehe na saa mtakazokuwapo, vyombo mtakavyoingiza, nani atalipa kitu kikiharibika, na kwamba unaruhusiwa kuonyesha jengo na mabango yake katika video bila kikomo cha muda. Ongeza sentensi ya kukuruhusu kurudi kupiga picha za nyongeza. Hiyo wengi huisahau, kisha wakirudi wanakuta bei imepanda.

Kibali cha Bodi ya Filamu ni kitu kingine. Hicho ni ruhusa ya Serikali kurekodi. Hakikufungulii mlango wa mtu. Vilevile fomu ya mwenye jengo haiondoi haja ya kibali. Na kama ukutani kuna mchoro wa Tingatinga uliochukua nusu ya fremu, mwenye ukuta si lazima awe mwenye hakimiliki ya mchoro. Sogeza kamera au mtafute mchoraji.

Kwa watu, kosa kubwa ninaloliona ni fomu inayosema tu "nakubali kurekodiwa". Kurekodiwa ni jambo moja, na kutumiwa ni jingine. Andika video inahusu nini, itawekwa wapi, kwa muda gani, kama utaikata vipande vifupi, na kama kampuni inaweza kuweka tangazo lake humo. Hilo la mwisho liwe na kisanduku chake cha kuweka alama. Fundi aliyekubali kusimulia kazi yake hajakubali uso wake uuze sabuni. Mtu asiyesoma asomewe fomu yote mbele ya shahidi, aweke dole gumba, na shahidi asaini. Mimi humwomba pia kila mshiriki aseme jina lake na kukubali kwake mbele ya kamera, kabla ya swali la kwanza. Klipu hiyo haichukui nafasi ya fomu, lakini inaondoa ubishi wa nani alisaini.

Yule mtoto wa sare ni habari nyingine kabisa. Chini ya miaka 18, anayesaini ni mzazi au mlezi wake. Shangazi aliyemsindikiza hatoshi, wala mwalimu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao tangu 2019. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kama mzazi hapatikani siku hiyo, piga picha mikono ya fundi na tepu ya kupimia, uso wa mtoto uache.

Sasa muziki, ambako ndiko video nyingi zinakoanguka. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi yenyewe. Rafiki yako msanii amekuandikia WhatsApp "tumia tu kaka". Mwulize maswali matatu. Mashairi aliandika peke yake? Biti ni ya nani? Rekodi iko chini ya lebo au ni yake? Jibu la biti ndilo gumu. Wasanii wengi hununua biti mtandaoni kwa leseni ya bei ndogo, na leseni hiyo mara nyingi inamruhusu yeye kutoa wimbo, tena hadi idadi fulani ya watazamaji, bila kumpa mamlaka ya kukuruhusu wewe uuweke kwenye video yako. Soma hiyo leseni kwa macho yako. Ikiwa hairuhusu, aliyetengeneza biti naye asaini.

Hata karatasi zote zikiwa sawa, dai la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo zilizosajiliwa, linaweza kuja, kwa sababu kampuni inayomsambazia nyimbo imeuingiza wimbo kwenye mfumo huo. Mfumo haujui urafiki wenu. Kwa hiyo weka kwenye mkataba kwamba msanii ataiomba kampuni hiyo iruhusu chaneli yako au iondoe dai, na lishughulikieni kabla ya siku ya kutoa video.

Usisahau redio ya fundi. Ilikuwa inapiga bongo fleva wakati wa mahojiano, na sauti hiyo sasa imo ndani ya maneno yake. Huwezi kuichomoa bila kuharibu mazungumzo. Zima redio kabla ya kurekodi, halafu rekodi sauti ya chumba peke yake kwa dakika moja ili mhariri awe na kitu cha kuzibia. Leseni anayolipa mwenye duka au baa ili apige muziki mbele ya wateja haikuhusu wewe. Wala hakuna sheria ya sekunde 10 au 30 zinazoruhusiwa bure, na kuandika chini ya video kwamba haki zote ni za msanii hakukupi leseni.

Kwa muziki wa bure, soma herufi za leseni ya Creative Commons. CC BY unaweza kuitumia ukimtaja mwenye kazi. Yenye NC, yaani isiyo ya biashara, haifai kwenye kazi ya kibiashara. Yenye ND, yaani isiyoruhusu kazi mpya kutokana nayo, haifai kabisa kwa video, kwa sababu leseni hizo zinahesabu kuunganisha muziki na picha zinazotembea kuwa ni kutengeneza kazi mpya kutokana na ile ya awali.

Mwisho, pandisha video ikiwa Private, yaani isionekane na watu, na usubiri hatua ya Checks, ukaguzi wa hakimiliki wa YouTube, imalize. Ikikuta wimbo, utaambiwa kabla mtu yeyote hajaona. Lakini Checks inaona tu kilichosajiliwa Content ID. Mtunzi mdogo asiyesajiliwa bado anaweza kutuma ombi la kuiondoa video, na hilo huleta straiki, yaani onyo la hakimiliki kwa chaneli. Tatu ndani ya siku 90 zinaweza kufunga chaneli. Ukipata dai na una karatasi, lipinge ukieleza leseni yako: mdai ana siku 30 za kujibu, na ukipinga ndani ya siku 5 mapato hushikiliwa tangu siku ya dai hadi shauri liishe. Kwa hiyo skani fomu zote uziweke kwenye folda moja na faili la video, kila moja ikiwa na jina la aliyesaini na dakika anayoonekana.