Nywele zinazodondoka leo ziliacha kukua miezi mitatu iliyopita

*Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa miezi minne na nywele zinaniisha. Nikichana zinajaa mkononi, asubuhi mto umejaa. Nimebadilisha shampuu wiki mbili zilizopita, nadhani ndiyo iliyoniharibu. Mama mkwe anasema ni kunyonyesha, niache. Dada yangu naye, ambaye hajazaa, alilazwa kwa homa kali Januari, na Aprili nywele zikaanza kumtoka hivihivi. Je, ni ugonjwa wa ukoo?*

Marahaba, mwanangu. Shampuu usiisingizie, haina kosa. Na mtoto mnyonyeshe.

Unywele haukui moja kwa moja. Kila mmoja hukua miaka miwili hadi sita, kisha kinyweleo chake husinyaa kwa wiki mbili au tatu, halafu hupumzika kwa takriban miezi mitatu. Wakati wa mapumziko unywele umeacha kukua lakini bado umeshika kichwani, wala huwezi kuutofautisha na wenzake. Hudondoka pale mpya unapoanza kuota chini yake. Ndiyo maana ukitaka kumjua mkosaji usitazame wiki iliyopita, rudi nyuma miezi mitatu. Ukirudi, unakutana na chumba cha kujifungulia. Dada yako akirudi kutoka Aprili, anakutana na kitanda cha hospitali. Si ukoo, ni kalenda.

Ila njia zenu zilitofautiana. Wewe ulipokuwa mjamzito homoni ya estrojeni ilipanda, na nywele nyingi ambazo zamu yao ya kupumzika ilikuwa imefika zikaendelea kukua. Bila shaka uliona zimejaa ukafurahi. Ulipojifungua homoni ikashuka ghafla, na zote zilizocheleweshwa zikaingia mapumziko kwa pamoja. Kwa dada yako ilikuwa kinyume: homa iliulemea mwili, na nywele zilizokuwa bado zinakua zikasukumwa mapumzikoni kabla ya wakati.

Tupige hesabu kidogo. Kichwa kina nywele kama 100,000. Siku za kawaida, tuseme 10,000 kati ya hizo zimepumzika, na zikidondoka ndani ya siku 100, ni 100 kwa siku, ambazo huzioni. Sasa chukulia zilizopumzika zimefika 30,000: ni 300 kila siku. Zile ndizo unazozikuta kwenye mto. Na kama hukuosha wala kuchana siku tano, za siku zote tano zitakutoka kwa mkupuo mmoja, utadhani umeugua.

Okota moja uitazame kwenye mwanga. Upande uliotoka kichwani ukiwa na kijichwa cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini, basi unywele huo ulimaliza zamu yake. Kama hauna kijichwa na ncha zote mbili zimekatika, hiyo ni nywele kukatika, na hapo ndipo tungezungumzia dawa za kulainisha, moto na kusuka kwa kubana. Halafu simama mbele ya kioo, urudishe nywele nyuma. Wiki chache zijazo utaona nywele changa fupi zimesimama kwenye paji la uso. Zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo zitakusumbua kwa kusimama ovyo muda mrefu kabla hazijalala na wenzake. Kudondoka kwenyewe kwa kawaida hupungua kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Mafuta na vidonge vya kuotesha nywele usinunue. Zitaota zenyewe, na sifa wataipata wauzaji. Ila nenda ukapime damu kama ulipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua au unachoka kupita kiasi, waangalie wekundu wa damu na akiba ya madini ya chuma. Moyo ukienda mbio, au ukihisi baridi wenzako wanapohisi joto, wapime na tezi ya shingo, maana huweza kuvurugika ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuzaa na yenyewe hudondosha nywele. Ukiona duara lisilo na unywele hata mmoja, magamba na muwasho, au mwaka umepita bado zinatoka, hilo ni jambo jingine, muone daktari wa ngozi.

Kitu kimoja nakuomba ukifanye leo. Mvue mtoto soksi utazame kila kidole cha mguu, na vya mikono pia. Unywele wa mama unaodondoka huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukaza mpaka damu isipite. Mtoto akilia bila kunyamaza na kidole kimevimba na kuwa chekundu au cha zambarau, utafute unywele huo, na usipoweza kuutoa wote mara moja, mkimbize hospitali.