Futa "nitakusaidia kufika popote" kabla hujatuma

Swali: "Wakuu, nimejiunga na mtandao wa kuwaongoza wanafunzi wa nyumbani kutoka huku ughaibuni. Wanataka wasifu wa maneno 150. Niandike Kiswahili au Kiingereza? Picha ya suti? Mwajiri nimtaje? Rasimu yangu: 'Mtaalamu mwandamizi mwenye shauku ya kuinua vijana. Nitakusaidia kufika popote unapotaka.'"

Mkuu, futa hiyo sentensi ya mwisho. Futa kwanza, ndio uendelee kunisoma.

Mimi ni mteknolojia wa maabara ya hospitali, na wasifu wangu wa kwanza ulisema: "Nasimamia zamu katika maabara kubwa. Nilianzia hapo ulipo. Nitakuonyesha njia." Nikajiona malenga. Kumbe mwanafunzi akisoma "nitakuonyesha njia" na mwandishi yuko nje, hawazi habari za hadubini. Anawaza uwanja wa ndege.

Wiki ya kwanza niliandikiwa na watu 43. Waliouliza habari za maabara walikuwa wanne. Waliobaki walitaka barua ya mwaliko, ada au kazi. Hao nilicheka nao tu. Aliyenikata maini ni kijana mmoja wa mwaka wa pili, mwenye adabu zake, tuliyeongea naye mara mbili kwa simu. Baada ya mwezi akaniandikia: "Kaka, nimeahirisha mwaka. Nafasi ya mafunzo kwa vitendo nimeiachia, hela ya ada nimelipia pasi na mtihani wa Kiingereza. Hatua inayofuata ni ipi?"

Nilikuwa mapumzikoni, chai mkononi. Ilipoa nikiwa bado naangalia simu. Hatua gani? Kwenye fani yetu, bodi ya leseni kwa kawaida inataka uwe umemaliza masomo, matokeo yatoke chuoni moja kwa moja, na mafunzo ya vitendo yawe na ushahidi. Kijana alikuwa ameuza jembe ili apate nauli ya kwenda shamba, na aliyempa wazo ni mimi.

Halafu kuna jambo ambalo wasifu wangu ulilificha. Nilipofika huku nilihudumia wazee miaka 3, nawaogesha na kuwageuza kitandani, huku cheti changu kikikaguliwa upya. Mtihani wa leseni nilifeli mara ya kwanza. Miaka yote hiyo, kwenye wasifu, ilikuwa nukta kati ya sentensi mbili.

Na haikujiondoa yenyewe! Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa nayo. Mratibu wa mtandao akairudisha: "Toa hiyo ya kuogesha wazee, inashusha hadhi. Vijana wanataka hamasa." Kwake wasifu mzuri ni ule unaoleta maombi mengi, nilipofikisha 43 akanitumia kidole gumba. Kijana alipoahirisha mwaka, mratibu hakuwa na kidole cha kutuma. Sawa, najua, mtu mzima nimeambiwa nidanganye nikadanganya. Msinipige mawe wote kwa pamoja.

Tangu hapo nina sharti moja: usiahidi kwenye wasifu kitu ambacho huwezi kukimaliza mwenyewe, mezani kwako, bila ruhusa ya mtu mwingine. Viza hutoi wewe. Kazi na ufadhili vina wenyewe. Kusoma kazi ya mwanafunzi na kumwambia ilipopwaya, hiyo unaiweza. Nikaandika upya:

"Mteknolojia wa maabara, kitengo cha damu. Kabla ya leseni nilihudumia wazee miaka 3, na mtihani wa kwanza nilifeli. Naweza kukagua daftari lako la mafunzo kwa vitendo na kukuandaa kwa usaili. Napokea wanafunzi 2 kwa muhula, nusu saa kila Jumamosi ya pili. Sishughulikii viza, ada wala kutafuta kazi. Ukiniandikia, ambatanisha ukurasa mmoja wa daftari na swali moja."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo chujio. Muhula uliofuata waliandika 6, na 5 kati yao walileta ukurasa. Mmoja ulikuwa na muhuri na sahihi ya msimamizi, halafu safu nzima "nimepima damu, nimepima damu", hakuna tarehe wala idadi ya sampuli. Huyo tulimwahi angali mafunzoni. Akarudi kwa msimamizi, wakajaza upya kutoka kwenye rejista ya maabara. Mratibu alilalamika kwamba nimeshusha takwimu zake.

Yule kijana wa kwanza alirudi chuoni mwaka uliofuata, ila hayuko kwangu tena. Nilimtumia wasifu mpya na kumwomba radhi. Tiki mbili za buluu, basi.

Sasa andika upya uweke hapa tuone. Na usiruke ile miaka yako, maana hakuna aliyezaliwa "mtaalamu mwandamizi".