Taa za usiku kutoka angani: bahari, mpaka, au giza tu?

> Wakuu, nimeona picha ya Korea usiku, Korea Kusini imekuwa kama kisiwa. Sasa mtu anajuaje taa zilipoishia ni bahari, ni mpaka au ni pori tu?

Mkuu, picha hiyo ilipigwa na wanaanga wakiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu Januari 30, 2014. Itafute kwenye hifadhi ya NASA kwa namba ISS038-E-38300. Mimi huwa nakaa na picha kama hizi nikizilinganisha na ramani, na hii huwapoteza wengi.

Usianzie kwenye ukingo wa mwanga, maana ukingo unakuonyesha tu kwamba taa zimekwisha. Anza na mji unaoutambua bila shaka. Hapo ni Seoul, doa kubwa kuliko yote. Magharibi yake, taa za Incheon zinakatika ghafla, na ramani itakuthibitishia kuwa hapo ni baharini. Kaskazini nako mwanga unakatika vilevile, na usipokuwa na ramani unaweza kuapa kwamba ni maji. Lakini ndani ya giza hilo kuna doa dogo lililojitenga: Pyongyang, mji wa watu takriban milioni 3 unaong'aa kama miji midogo tu ya Kusini. Kwa hiyo giza linaloizunguka ni nchi kavu, na pwani ya Korea Kaskazini haionekani kwa sababu karibu hakuna taa za kuichora. Pale mwanga wa Kusini unapokatikia ndipo mpaka ulipo.

Utauliza, doa la peke yake si laweza kuwa chombo cha uvuvi? Laweza kabisa. Hapa kwetu wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huwasha taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika. Picha ya usiku wa giza itakuonyesha nukta katikati ya ziwa, ukadhani ni visiwa vyenye vijiji. Tafuta picha ya usiku mwingine: kijiji utakikuta palepale, mitumbwi itakuwa imehama au haipo.

Mpaka wa India na Pakistan ni kinyume cha huo wa Korea, kwa kuwa wenyewe ndio umewashwa taa za ulinzi. Unaonekana kama uzi wa rangi ya chungwa. Usiuchanganye na barabara: barabara hunenepa kila inapopita mjini, ila uzi huo unakwenda na upana uleule, hata mahali pasipo na mji.

Halafu angalia sana latitudo na longitudo zilizoandikwa kwenye hifadhi. Mara nyingi ni za sehemu iliyokuwa chini ya kituo wakati wa kupiga, na kamera ikiwa imeinamishwa, mji unaouona unaweza kuwa mamia ya kilomita kutoka hapo. Wala juu ya picha si lazima iwe kaskazini. Izungushe kwanza mpaka miji miwili unayoijua ikae kama ilivyo kwenye ramani, ndipo uanze kusoma kingo.