Tunaachana na asosie: barua iseme nini juu ya mali na madeni

*Yaya, mimi na mwenzangu tuko na kenkayeri ku komini Kenya, hapa Lubumbashi, miaka 4 sasa. Hatukuandikaka kontra, hatuna RCCM. Tunaachana bila fujo. Yeye anataka tuandike tu "tumegawana vyote kwa amani". Inatosha?*

Apana, haitoshi. Niliandikaka sentensi ya namna ile ile na mwenzangu wa zamani, na miezi 2 nyuma tulikuwa tunabishana juu ya grupe ya umeme, kila mtu anasema ilikuwa ya kwake, na barua haikuitaja hata mara moja.

Muanze na tarehe moja ya kukata, tuseme tarehe 30 jioni, mukisha kufunga mlango. Vyote vyenye viliingia na kutoka mbele ya ile saa ni vya wote wawili, vya nyuma ni vya mwenye kubakia. Kisha mufanye enventeri pamoja, wote wawili mu depo, na kaye mkononi, si mmoja anahesabu na mwingine anasaini. Mu simenti muangalie safu ya chini kabisa, juu mvua za Lubumbashi zinapandishaka unyevu mu sima: finya kona ya mfuko, kama unga unalegea chini ya kidole ni mzuri, kama inabakia jiwe hauhesabu, hata kama mfuko haujapasuka. Bei ni ile mulinunuliaka, si ile mnauzishaka, juu faida haijaingia bado.

Nitakuhesabia mfano. Makuta mu sanduku na mu simu dolari 1.300, stoki 8.400, kamioneti mumekubaliana 6.000, garanti ya nyumba yenye mwenye nyumba anashika 900, na madeni ya wateja 2.400, lakini mu hizo 800 ni za wateja wenye hawashike tena simu, kwa hiyo munahesabu 1.600 tu. Jumla 18.200. Mnadaiwa 5.000 na mwenye kuwaletea vitu, na 600 ya nyumba, ni 5.600. Inabakia 12.600, kila mtu 6.300. Sasa wewe unabeba kamioneti ya 6.000, mwenzako anabakia na duka pamoja na yote mengine, ni 12.200, na anabeba madeni yote 5.600, kwa hiyo mkononi mwake inabakia 6.600. Anakuongezea 300 na muko sawa. Zile 800 za mashaka barua iseme tu: ikilipwa siku yoyote, kwa mtu yeyote, munagawana nusu kwa nusu, na mwenye kupokea anamujulisha mwenzake mu siku 7.

Njo enventeri inafungwa ku barua, kila ukurasa saini mbili, na barua inasema "orodha hii ni sehemu ya barua". Makaratasi 2 ya namna moja, kila mtu na yake. Mukiweza, mupitishe kwa noteri.

*Barua yetu ilisema wazi mwenzangu ndiye atalipa deni ya furniseri. Sasa furniseri ananifata mimi, anasema nilipe yote, si nusu. Anaweza aje na barua iko na saini?*

Anaweza mama, na pole sana, hii njo fasi watu wengi wanaumiaka. Barua yenu inafunga nyinyi wawili tu. Furniseri hakusaini, hakuwahi kusema "ninakuachia", na kubadilisha mwenye kulipa bila yeye kukubali haiwezekane. Na hapa kwetu, tangu Kongo iliingia mu OHADA, njo sheria moja ya biashara ya inchi nyingi za Afrika, tarehe 12 Septemba 2012, watu wenye walifanya biashara pamoja bila kuandikisha sosiete, tribinali ikikuta ni kweli walikuwa asosie, inawatendea kama asosie wenye kila mmoja anajibia madeni yote na mali yake mwenyewe, si nusu yake tu. Mdai anachagua mwenye kuwa karibu, ao mwenye kuwa na kitu.

Lakini barua yako si bure. Ukilipa, unaweza kumurudilia mwenzako akurudishie yote, kama barua ilisema hivi: "Bwana fulani anabeba deni hii yote, na kama mdai anamulipisha mwenzake, atarudisha jumla pamoja na garama mu siku 15". Bila ile sehemu ya mwisho muanze kubishana tena. Shika risi ya furniseri vizuri, iandikwe jina lako na namba ya fakture.

Kwa wenye hawajasaini bado: muende wawili kwa furniseri na fakture zenye hazijalipwa, aandike karatasi fupi: "Kuanzia tarehe hii, deni ya dolari 5.000 ninaidai kwa huyu peke yake, na huyu mwingine ninamuachilia", anasaini. Akikataa, basi usitoke na mkono mutupu. Lipeni ile deni na makuta ya sanduku na stoki mbele ya kugawana, ama mwenye kubakia aweke kitu cha kushika, kamioneti kwa mfano, isihame jina mpaka risi ya mwisho ionekane. Na kama mulisaini ku banki kwa mkopo, ni namna moja, unabakia unajibu mpaka banki yenyewe iandike kama imekuachilia.

*Sisi tuko SARL, na RCCM yetu. Barua kama hii inatosha?*

Kwenu ni ingine kabisa. SARL iko na mali yake, deni yake, haizimike juu ya barua ya asosie wawili. Kama mmoja anatoka na biashara inaendelea, anauzisha sehemu zake, akte inaandikwa, na RCCM inabadilishwa. Kama munaifunga kabisa, asosie wanaamua mu mkutano na prose verbali, munachagua likidateri, inatangazwa na kuandikwa ku RCCM, yeye njo analipa wadai kwanza, na chenye kinabakia njo munagawana. Usibebe stoki mbele ya hiyo.

*Kamioneti nimeachia mwenzangu mu barua lakini karte roze iko na jina langu. Na namba ya simu yenye wateja wanatumiaka makuta pia ni yangu. Kuna shida?*

Iko shida kubwa kuliko unavyofikiri. Ikigonga mtu, jina lako njo watu watatafuta kwanza. Muandike tarehe ya mwisho ya kuhamisha karte roze, nani analipa garama, na muandike saa na kilometa zenye kamioneti ilikuwa nazo siku ulipoitoa, na risi ya kuipokea yenye saini yake.

Simu ni rahisi: andika kama makuta yote yenye yanaingia nyuma ya tarehe ya kukata kwa vitu vya duka utamutumia mu siku 2, kwa miezi 3, na katikati mubandike namba mpya ku mlango na mutumie ujumbe kwa wateja wa mkopo wote, mukitaja majina ya nyinyi wawili. Mteja mwenye hajaambiwa akikulipa wewe, atasema amemaliza deni, na ana haki ya kusema vile.